Benki imekataa kurudisha £640 kwa kuwa "malipo yalithibitishwa"

Mama Zuhura, Leicester:
Assalaam alaykum jamani. Mama mdogo alipigiwa simu Ijumaa na mtu aliyejitambulisha kuwa wa benki yake. Akaambiwa kuna mwizi anaitumia kadi yake, asome OTP, namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yake, ili wazuie. Akasoma. Hapo hapo £640 zikakatwa na duka la simu la mtandaoni. Benki inasema yalipita 3-D Secure, ule uthibitisho wa malipo ya kadi mtandaoni, kwa hiyo chajibaki, yaani benki kulidai duka pesa zirudi, hakuna. Tudai duka au benki?

Juma, Luton:
Sheria ya Oktoba 2024! Benki inarudisha hadi £85,000. Shemeji yangu alilipwa zote.

Kombo, Reading:
Juma, hiyo ni ya pesa zinazotumwa kutoka akaunti kwenda akaunti. Hii ni kadi, usimpoteze mama wa watu.

Mama Zuhura, nimekaa dawati la madai ya kadi. Duka likimpitisha mteja 3-D Secure na benki ikakubali, hasara ya ulaghai inalitoka duka na kuiangukia benki iliyotoa kadi. Ndiyo maana benki haiwezi kulidai duka, na ndiyo maana inambana mteja: sasa ni pesa yake yenyewe. Lakini hayo ni yao na duka. Kwa mama mdogo kuna kanuni ya 75 ya PSR 2017, zile kanuni za huduma za malipo: rekodi kwamba OTP ilitumika si lazima itoshe peke yake kuonyesha kuwa aliidhinisha, wala kuwa alizembea vibaya. Benki ndiyo ieleze uzembe wenyewe ni upi. Alalamike kwa maandishi; kwa kawaida wana siku 15 za kazi kujibu. Wakikataa, ana miezi 6 kwenda FOS, wale wasuluhishi wa malalamiko dhidi ya mabenki.

Bi Saada, Cardiff:
75 hiyo naijua! Sofa yangu haikuletwa, na malipo niliyathibitisha mwenyewe kwenye simu, lakini nilirudishiwa.

Kombo:
Bi Saada, yako ni kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya 1974, kadi ya mkopo. Tena bidhaa kutofika si ulaghai wa kadi, kuthibitisha malipo hakukuzuii kudai. Tusichanganye.

Mzee Athumani, Milton Keynes:
Kwetu Tanga ungemfuata wakala dukani kwake, mkaongea uso kwa uso. Hapa tawi la mtaani limefungwa, mashine inakwambia bonyeza moja, bonyeza mbili. Mtu mzima atajuaje sauti ipi ni ya benki?

Kombo:
Mzee, hilo ndilo la kuwaandikia FOS. Mama Zuhura, ujumbe wa OTP ulitaja duka na £640? Namba iliyopiga ilionekana kama ya benki?

Mama Zuhura:
Ujumbe kaufuta. Namba anasema ilifanana na iliyo nyuma ya kadi.

Kombo:
Namba itafuteni kwenye orodha ya simu zilizoingia, mpige picha. Maneno ya ujumbe benki wanayo, aombe kwa DSAR, yaani ombi la kupewa taarifa zake walizo nazo, kwa kawaida mwezi mmoja. Kama uliandika "usimsomee mtu yeyote", wataushikilia hapo, na sina hakika FOS wataamua vipi.

Bi Saada:
Kwani kadi yake ni ya mkopo?