Naombeni ushauri: nimepima mwisho wa baridi nikapata -183 badala ya -273, keshokutwa nina maonesho

Mwl_Makorora:
Habari za jioni wakuu. Nipo Tanga, nafundisha tuisheni ya fizikia kwa kujitolea, vijana wa fomu tatu na nne. Swali lililonileta, vitabu vyote vinasema joto lina mwisho chini, -273, hapo ndo sifuri kabisa, halafu juu hakuna mwisho, unapasha tu mpaka kesho. Kijana mmoja akaniuliza kwanini iwe upande mmoja nikakosa jibu la maana, basi nikasema tupime wenyewe. Tumechukua mtungi wa hewa, tumeutia kwenye barafu presha ikasoma PSI 30, tukautia kwenye maji yanayochemka ikasoma 46.4. Yaani digrii 100 zimepandisha presha 16.4, kila digrii moja ni 0.164. Ukirudi nyuma, 30 gawa kwa 0.164 unapata 183. Maana yake presha inaisha kwenye -183. Sasa bwana mifugo wa huku ana tangi la mbegu za ng'ombe lina nitrojeni ya maji na hiyo ni -196! Ipo chini ya mwisho wangu. Nishaurini, nani muongo hapa?

Kibibi_wa_Raskazone:
Mwalimu wa kujitolea tena, kwanza nikupongeze mwanangu. Ila barafu umenunua wapi? Hii ya kina kaka wa samaki siku hizi wanaichanganya na chumvi, mimi ilinigandishia maziwa nikadhani jokofu limepona.

Kichwa_Ngumu:
Mkuu jibu lipo wazi. -183 ndo oksijeni inageuka maji. Mtungi wako una hewa, hewa ina oksijeni, kwa hiyo kipimo chako kimegundua oksijeni. Hongera. Kuhusu swali lako, sifuri kabisa ni pale atomu zinaposimama tuli, kitu kikishasimama hakiwezi kusimama zaidi. Juu zinaweza kukimbia bila kikomo. Kwisha.

Bwana_Mifugo_Pongwe:
Mimi natembea na hilo tangi kwenye pikipiki kila wiki, naomba nisiitwe muongo. -196 ni kweli, ukiingiza mrija wa mbegu unasikia inachemka shaaa kama mafuta ya kukaangia kachori. Watu wanadhani ni moshi, ni unyevu wa hewa unaganda tu. Kuna mzee mmoja aliniambia nimgandishie mtama wake usiliwe na fukusi. Usicheke, nilijaribu.

Dada_Kipimo:
Mwalimu hesabu yako haina kosa, nimeirudia mara mbili. Kichwa_Ngumu hiyo oksijeni ni bahati mbaya tu, huyu hajawahi kufika -183, amepima sehemu mbili kati ya 0 na 100 halafu akaendeleza mstari kwa rula. Rula haiwezi kugundua oksijeni. Ninachotaka kujua, presha umepima kwa nini?

Mwl_Makorora:
Kwa geji dada.

Dada_Kipimo:
Geji gani?

Mwl_Makorora:
Geji ni geji, ni nzima kabisa, haijapasuka kioo. Naona tunatoka nje ya mada. Mimi nilitaka kujua kama inawezekana sayansi ya zamani ilikosea, maana kwa vipimo nilivyopata ni kama huo mwisho haupo.

Shemeji_wa_Watu:
Vijana wa siku hizi vitu vyote mnataka kuviona vimekosewa. Sisi tuliambiwa -273 tukaandika -273 tukafaulu.

Dada_Kipimo:
Mwalimu nakuuliza kwa mara ya mwisho, ni geji gani, na ukiwa hujaifunga kwenye kitu chochote, ipo mezani tu, mshale unasoma ngapi?

Mwl_Makorora:
Haya. Ni geji ya fundi friji, ya buluu, nimeazima Ngamiani. Ikiwa mezani inasoma sifuri, ndo nilivyojua nzima. Na niseme tu ukweli wote, nimeshachapisha bango la maonesho limeandikwa SIFURI KABISA NI UONGO, TUMEPIMA TANGA. Nimelipia hela yangu mwenyewe. Vijana wamefurahi sana, wawili washaanza kujiita maprofesa. Kwa hiyo sipendi kusikia kwamba geji mbovu.

Dada_Kipimo:
Geji si mbovu, wewe ndo hujaielewa. Mezani inasoma sifuri, sawa, je hapo mezani Tanga hakuna hewa? Ipo, inatukandamiza sote hapa pwani kwa karibu 14.7 kwa hiyo hiyo PSI yako. Geji hizi zimetengenezwa zikuambie umezidi hewa ya nje kwa kiasi gani, sifuri yake si mwisho wa presha. Sasa ongeza 14.7 kwenye 30 yako, inakuwa 44.7. Tofauti ya 16.4 haibadiliki kwa sababu umeongeza pande zote mbili. 44.7 gawa kwa 0.164 ni 272 na kitu. Umeipata sifuri kabisa kwa mtungi wa Ngamiani na unataka kuiita uongo.

Kama huniamini, fungulia mtungi ukiwa kwenye barafu ubaki na 15 kwenye geji, halafu uchemshe tena. Itasoma karibu 26, na kwa hesabu yako ya kwanza utapata mwisho upo kama -138. Mwisho wa baridi hauwezi kuhama eti kwa sababu umejaza upepo kidogo.

Fundi_Baridi:
Wakuu samahani sijasoma yote, mwenye friji linalosoma 30 upande wa chini gesi imezidi, toa kidogo. Na hiyo geji ya buluu kama ni ya kwangu naomba ijumaa irudi. Halafu mwalimu hukuona kwamba ile geji ina namba chini ya sifuri? Ukivuta vakyumu mshale unapita sifuri unashuka hadi 30 ya chini, huko inahesabu inchi za zebaki si PSI, hapo unagota. Hata uiache pampu ikeshe mpaka adhana ya alfajiri haushuki tena, hewa imeisha, utavuta nini. Ila ukijaza, unajaza tu mpaka bomba lipasuke.

Dada_Kipimo:
Fundi umejibu swali la mwalimu bila kukusudia. Ndo hivyo hivyo kwenye joto. Kupoza si kuingiza baridi, baridi haipo kama kitu, kupoza ni kutoa nguvu ya mtikisiko iliyomo ndani. Kitu unachotoa kina akiba, akiba ikiisha huna cha kutoa. Kuongeza hakuna akiba ya kuisha, labda chombo ndo kipasuke: chuma kitayeyuka, atomu zitavunjika, ila joto lenyewe halijagota popote. Sifuri ya maji kuganda tuliiweka sisi kwa sababu maji yapo kila mahali, ndo maana kuna hasi. Kelvin mwaka 1848 alipendekeza kipimo kisichotegemea kitu fulani kama maji au zebaki, na ukihesabu kuanzia kule chini hizo hasi zinapotea.

Kichwa_Ngumu:
Ndo nilichosema mimi, atomu zinasimama.

Dada_Kipimo:
Hazisimami kabisa, hapo ndo unateleza. Heliamu ukiipoza vyovyote kwa presha ya kawaida inabaki maji, haigandi, kwa sababu kuna mtikisiko wa mwisho usioweza kuutoa. Ni kama shilingi ya mwisho iliyoshonwa kwenye mfuko, ipo lakini huwezi kuitumia. Sifuri kabisa ni pale kilichobaki hakitoki.

Kichwa_Ngumu:
Sawa, basi na juu kuna mwisho. Kasi ya mwanga. Atomu haiwezi kuipita, kwa hiyo joto nalo linagota. Nijibu hilo.

Dada_Kipimo:
Swali zuri kuliko jibu lako la oksijeni. Kasi inagota, nguvu haigoti. Chembe ikikaribia kasi ya mwanga ukaendelea kuisukuma, kasi inaongezeka kwa unywele tu lakini nguvu inaendelea kupanda, na joto linafuata nguvu. Kuna namba kubwa sana huko juu inaitwa joto la Planck, 1 yenye sifuri 32 nyuma yake, hapo hesabu zetu za fizikia zinagoma. Wapo wanaosema ndo dari, mimi naona ni mahali taa yetu inapoishia. Sibishani na mtu hapo.

Mtambuzi_wa_Chai:
Jamani hii chai. Mmekaa mnajibu tu. Geji ya friji inasoma 46.4? Hiyo pointi nne kaiona kwa darubini? Na majibu yanatoka 272 na kitu, safi kama yametoka kwenye kitabu. Huyu kaanza na jibu akarudi kutunga mtungi. Hakuna bango wala bwana mifugo.

Bwana_Mifugo_Pongwe:
Mimi nipo, nimekaa hapa na fukusi wangu.

Shemeji_wa_Watu:
Nilijua tangu mwanzo. Mwalimu gani hajui geji.

Mwl_Makorora:
Mtambuzi sijatunga. Mshale ulikaa katikati ya 46 na 47, kijana mmoja akasema ni 46.4 nikaandika kwa sababu ilikuwa inapendeza. Hilo nakubali. Mtungi upo, ni ule mdogo wa gesi ya friji uliokwisha, tumeuzamisha kwenye sufuria ya pilau ya mama mwenye nyumba na mrija wa geji ukatokeza nje. Tulisubiri dakika kumi mshale utulie.

Dada_Kipimo:
Hapo nimekuamini, muongo angesema aliiona. Ila basi sema ulichokiona. Ungesoma 46 mwisho unatoka 279 chini ya barafu, ungesoma 47 unatoka 263. Andika "kati ya 263 na 279", hiyo ndo heshima ya geji yako. Na ule mrija uliobaki nje ya sufuria hewa yake haikupata joto lote, unakudanganya kidogo, tumia mfupi. Mfaransa Amontons miaka 300 iliyopita alishaona dalili ya mwisho huo kwa hewa na zebaki, hakuwa na vifaa vya kukuzidi sana.

Kibibi_wa_Raskazone:
Sasa mwanangu kuna mtu amewahi kufika huko chini?

Dada_Kipimo:
Hapana bibi. Kupunguza kutoka digrii moja hadi nusu ni kazi, nusu hadi robo ni kazi nyingine, na robo hadi nusu ya robo hivyo hivyo, hatua haziishi. Wajerumani kule Bremen mwaka 2021 walidondosha wingu la atomu ndani ya mnara wakafika sehemu 38 za trilioni ya digrii moja juu ya sifuri. Bado haijawa sifuri.

Mwl_Makorora:
Nimerudi. Tumepunguza hadi 15 kama ulivyosema, kwenye maji ya moto mshale umegota 26 kasoro. Bila kuongeza 14.7 inatoka -138, ukiongeza inarudi mulemule kwenye 270 na ushee. Bango nimeamua nalitumia, nimebandika karatasi nyeupe juu ya neno UONGO na vijana wanabishana waandike nini. Ila lile la dari ya juu bado wananisumbua, nitawaambia tu kwamba hata wakubwa hawajakubaliana.

Mtambuzi_wa_Chai:
Picha ya bango iko wapi?

Fundi_Baridi:
Geji iko wapi? Ijumaa ilikuwa jana.