Ankara au hati ya madai? Naomba ulinganisho, mchapaji ananisubiri

Fundi_Meza
Wakuu, habari za jioni. Nachapisha vitabu vya karakana yangu: kotesheni, LPO, dilivari noti na invoisi. Kila karatasi Kiswahili juu, Kiingereza chini. Nimepewa orodha mbili.
Ya kwanza: nukuu ya bei, hati ya ununuzi, hati ya kupeleka bidhaa, ankara.
Ya pili: bei elekezi, oda ya manunuzi, hati ya mapokezi, hati ya madai.
Mchapaji anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nichukue ipi?

Mama_Stoo
Wateja wako ni nani, na uko wapi? Halafu LPO ya nini wakati wewe ndiye muuzaji? LPO inatoka kwa anayenunua.

Mpwa_wa_Kariakoo
Chukua ya pili, imekaa kiofisi. Ankara ni ya maji na umeme. Au kwenye invoisi andika stakabadhi, yamekwisha.

Fundi_Meza
Samahani, nimesahau kusema. Niko Morogoro, nauzia shule binafsi na ofisi. LPO ni ya kununulia mbao.

Mhasibu_Mstaafu
Mpwa, umepatia nusu. Karatasi ya maji ni ankara kweli, kwa sababu inadai malipo ya kitu ulichokwisha kupewa. Invoisi ya madawati ni hivyo hivyo. Ila stakabadhi kwetu ni ya hela iliyokwisha kupokelewa. Ukimpa mtu karatasi yenye saini yako imeandikwa stakabadhi kabla hajalipa, siku mkigombana ataitoa kama ushahidi kwamba alilipa.
Fundi, "bei elekezi" ifute kabisa. Hiyo ni bei inayotangazwa na mamlaka, kama ya mbolea au sukari. Kotesheni ni bei yako wewe, na inakubana mpaka muda ulioandika uishe. Andika nukuu ya bei, na chini yake "bei hii ni halali kwa siku 30".

Mwalimu_Pwani
Huku Kenya stakabadhi ni hati yoyote, hata vyeti vya shule huitwa stakabadhi. Msijifanye Kiswahili ni chenu peke yenu.

Mpwa_wa_Kariakoo
Na stakabadhi ghalani je? Mkulima wa korosho hajalipwa na karatasi anayo!

Mhasibu_Mstaafu
Ile inakiri mzigo umepokelewa ghalani. Bado ni kupokea, mwanangu.

Mama_Stoo
Mimi linaloniumiza ni "hati ya mapokezi". Niliwahi kutunza stoo ya shule, tukaagiza madawati 40 kwa 85,000 kila moja. Gari likaleta 36. Dereva akanipa karatasi imeandikwa "hati ya mapokezi", nami ile ya kwetu ya kuingizia mali stoo inaitwa jina hilo hilo. Nikadhani yake inatosha, nikasaini, yangu sikuijaza. Kumbe alikuwa amejaza 40 kutoka kwenye oda. Wiki mbili baadaye ikaja ankara ya 3,400,000 badala ya 3,060,000. Mhasibu akauliza, "Mama, si umepokea 40, saini hii si yako?" Nilizunguka na ile 340,000 muhula mzima, na madawati 4 sijayaona hadi leo.
Karatasi inayotoka na gari iitwe hati ya kupeleka. Hati ya mapokezi aandike anayepokea, baada ya kuhesabu. Na ile ya gari isiwe na safu ya bei. Weka "kiasi kilichoagizwa" na "kiasi kilicholetwa", basi.

Binti_Vitenge
Ankara za jumla mnauza shilingi ngapi? Nina duka la nguo Dodoma.

Mpwa_wa_Kariakoo
😂😂 Dada, hapa tunadaiwa, hatushoni.

Fundi_Meza
Mama Stoo, pole sana. Kwa hiyo "hati ya madai" nayo niiache? Naona ofisi nyingine wanaitumia.

Mhasibu_Mstaafu
Si kosa, lakini mahakamani hati ya madai ndiyo inayofungua kesi. Mteja wangu mmoja aliipata kwenye bahasha akampigia wakili kabla hajanipigia mimi. Tumia ankara. Na kuliko jina, kilicho muhimu ni kila karatasi itaje namba ya iliyotangulia: ankara itaje namba ya hati ya kupeleka na ya LPO ya mteja. Hapo hata mkiita majina tofauti, mzigo unafuatika.

Mwalimu_Pwani
"Oda" au "agizo"? Mimi nasema agizo la ununuzi. Oda ni ya chipsi.

Mama_Stoo
Mwalimu, nenda kwa muuza mbao umwambie agizo la ununuzi uone atakavyokutazama. Andikeni LPO tu, kila mtu anaijua.

Mwalimu_Pwani
Hapo ndipo lugha inapofia, Mama.

Fundi_Meza
Mchapaji kapiga simu, anasema nafasi ya kichwa inaingia maneno mawili tu. "Hati ya kupeleka bidhaa" haitoshi. Nikate wapi?