Nimelipa mtafsiri wa duka, akanitafsiria hadi majina ya leso!

MamaLeso_Kibokoni aliandika:

Jamani nina hasira hata chai hainipiti. Niko Mombasa, nauza leso dukani na kwenye mtandao. Tovuti alinitengenezea mpwa wangu kwa Kiingereza kwa ajili ya watalii na watu wetu walioko ng'ambo. Mwaka huu nikasema niweke Kiswahili, maana wanunuzi wangu wengi ni wa hapa hapa pwani, Nairobi na Tanga. Nikamlipa mtu shilingi 6,000 kwa leso 40: maelezo, vichwa vya kutafutika Google, na maneno mafupi ya Instagram.

Haya, sikilizeni. Kila leso ina jina lake. Mpwa wangu alikuwa ameweka picha, kisha chini akaeleza maana ya jina kwa Kiingereza ili mzungu aelewe. Huyu bwana kachukua ule ufafanuzi akaurudisha Kiswahili! Leso imeandikwa HASIDI HANA SABABU, ukurasa wangu wasema "Mtu mwenye wivu hahitaji sababu". Wema hauozi imekuwa "Upole hauharibiki kamwe". Nani katika ulimwengu huu atatafuta leso iitwayo Upole Hauharibiki Kamwe?

Pindo kaliita "mpaka". Mji wa leso kauita "eneo la katikati". Doti imekuwa "jozi ya leso zilizokamilika", na hilo limenigharimu, kwa sababu mama mmoja wa Kisumu kanirudishia mzigo akisema kaletewa kitambaa kimoja kirefu hakijakatwa wala kupindwa. Mama, doti ndivyo ilivyo! Lakini yeye hana kosa, kasoma nilichomwandikia. Na rangi isiyochuja je? Kaandika "rangi ya haraka". Kwa Kiingereza neno la haraka na la rangi isiyotoka ni moja, akachukua la kwanza aliloliona. Basi leso zangu sasa zina mbio.

Vichwa ndivyo vichekesho. Kurasa zote 40 zina kichwa kimoja: "Nunua Leso Bora Kanga Nzuri Khanga Bei Nafuu Mombasa Kenya Leso Kanga". Jina la leso halimo hata kwenye kimoja. Ya Instagram yote yaanza "Tunayo furaha kubwa kukujulisha kuhusu bidhaa yetu mpya" na kumalizia "bonyeza kiungo hapa chini", na kiungo chenyewe hakibonyezeki.

Nimemwambia arekebishe, ajibu eti Kiswahili chake ni sanifu, mimi ndiye nazungumza Kimvita. Pindo ni Kimvita?

---

Shehe_wa_Makadara aliandika:

Pole dadangu. Lakini hapo kwenye vichwa usimlaumu sana. Watu huandika leso, wengine kanga, wengine khanga na h. Ukiyaweka yote unawapata wote. Mimi hata huweka maneno mengine chini ya ukurasa kwa rangi nyeupe, mteja hayaoni lakini Google yayaona.

---

fundi_maneno aliandika:

Shehe, nusu uko sawa. Ni kweli watu wanaandika tofauti. Ila hayo maneno meupe yatoe leo hii, Google inahesabu huo ni udanganyifu na inaweza kuushusha ukurasa mzima. Na kichwa kilichojazwa maneno, mara nyingi Google hukiacha na kuonyesha chake.

Mama Leso, kazi hii ninaifanya miaka kadhaa. Kosa kubwa kwako si "mpaka" wala "rangi ya haraka", hayo utayafuta kwa saa moja. Kosa ni jina. Mtu akiiona leso harusini, hajui namba yake wala kiwanda. Anakumbuka jina tu, akifika nyumbani analiandika kwenye simu. Kwako jina liko ndani ya picha peke yake, na huwezi kutegemea Google isome maandishi yaliyochapwa kwenye kitambaa kilichokunjwa. Lazima liandikwe kwa herufi ukurasani, neno kwa neno kama lilivyo kwenye leso.

Kichwa kifanye hivi:

```
Leso Hasidi Hana Sababu – Kanga ya Pamba, Doti 1
```

Ni herufi 48 ukihesabu na nafasi. Google hukata kwa upana, si kwa idadi, ila ukibaki chini ya 60 hivi kwa kawaida kinaonekana chote. Jina liko mbele, kwa hiyo hata kikikatwa kwenye simu ndogo, jina linabaki. "Khanga" itaje mara moja ndani ya maelezo, inatosha. Na kwa yule mama wa Kisumu, sentensi ya kwanza ya maelezo iwe: "Doti moja ni vipande viwili vilivyoungana; utakata na kupinda mwenyewe." Kisha vipimo vya kila kipande.

Kule Instagram kinachoonekana kabla ya kubonyeza "zaidi" ni mstari mmoja au miwili. Mtafsiri wako kaumaliza kwa furaha yake kubwa. Anza na jina lenyewe, halafu bei: "Hasidi hana sababu. Doti ya pamba, pindo jeusi, shilingi 800." Kiungo kiweke kwenye wasifu wa akaunti, kwa maana ndani ya maneno ya picha hakifunguki.

---

Msomaji_Tanga aliandika:

Huku kwetu ukisema leso mtu anafikiria kitambaa cha kufutia jasho. Mimi nisingebonyeza kichwa kinachoanza na Leso.

---

fundi_maneno aliandika:

Hapo pagumu, sikukatai. Wateja wa Kenya wakiwa wengi, Leso itangulie. Fungua Search Console ya Google uangalie maneno ambayo watu waliyaandika hadi wakakuona, uyape wiki kadhaa. Mimi mwenyewe nimeona duka moja ikifaulu na leso, jingine na kanga.

---

mtafsiri_mnyonge aliandika:

Naomba niulize, na msinirukie. Ulimpa picha? Mimi hutumiwa faili la Excel, safu moja ya Kiingereza, safu moja tupu, hata sijui kama ni leso au pazia. Juzi nilitafsiri "kichwa" cha kitu nikakuta baadaye ni kichwa cha bomba la bafu. Nikitumiwa ufafanuzi wa jina bila jina, nitalijuaje?

---

MamaLeso_Kibokoni aliandika:

Excel ndiyo niliyompa. Picha sikutuma, hilo nalikubali. Lakini mtu wa Kiswahili akisoma kwamba mwenye wivu hahitaji sababu, na kazi yenyewe ni ya leso, kweli hasidi hamjii kichwani? Angeniuliza kwa WhatsApp, tuko mji mmoja!

---

mtafsiri_mnyonge aliandika:

Angeuliza, ndiyo. Kwa shilingi 150 kwa leso, pamoja na kichwa na Instagram, huenda hakuona faida ya kuuliza.

---

BiHarusi_Likoni aliandika:

Samahani naingilia. Hiyo Hasidi hana sababu unayo ya manjano? Niliiona kwa shangazi yangu, nimeitafuta kwenye simu wiki mbili sijaipata popote. Niwekee doti 3.

---

MamaLeso_Kibokoni aliandika:

Ninayo mwanangu. Iko kwenye tovuti tangu mwezi wa tatu.