Ushauri: video moja ya mlalo, mikono upande mmoja na uso upande mwingine, naikataje kwa TikTok, Reels na Shorts?

Nekesa_Ngozi:

Wanajukwaa, hamjambo. Dada yangu hutengeneza sandali za ngozi zenye shanga katika soko la Kariokor hapa Nairobi, nami ndiye ninayempigia video. Tuna video moja ya dakika 6 na sekunde 40 iliyopigwa kwa mlalo, ukubwa wa 1920 kwa 1080, ambayo nimeiweka YouTube na inatazamika vizuri. Dada ameketi upande wa kushoto akieleza, na upande wa kulia kuna meza ambapo mikono yake inatoboa mkanda, inapitisha uzi na kukaza shanga. Sehemu hizo mbili zinahitajiana, kwa sababu anasema jambo huku mkono ukilifanya.

Ninataka video hiyo hiyo iende TikTok, Instagram na YouTube Shorts. Nikiipakia jinsi ilivyo, inakuwa mkanda mwembamba katikati ya skrini wenye weusi juu na chini, na shanga hazionekani kabisa. Nikikata katikati ili ijaze skrini, ninabaki na bega la dada na ukingo wa meza. Tena maneno niliyoandika chini ya picha, pamoja na bei, yanafunikwa na jina la akaunti na maelezo. Naomba mnishauri jinsi ya kukata, urefu unaofaa, na mahali pa kuweka maandishi. Kuipiga upya haiwezekani, maana oda hiyo ilishachukuliwa na mwenyewe.

Baba Tindi:

Dada Nekesa, usikate chochote. Weka video nzima katikati, kisha ujaze juu na chini kwa picha hiyo hiyo iliyotiwa ukungu. Programu nyingi za simu, kama CapCut na InShot, hufanya hivyo kwa mguso mmoja. Kuhusu urefu, hakikisha haizidi sekunde 60, la sivyo YouTube haitaihesabu kuwa Short.

Mhariri wa Ngara:

Baba Tindi, ukungu unaondoa weusi, lakini hauongezi ukubwa wa picha yenyewe. Video ya mlalo ikikaa nzima ndani ya skrini ya wima hushika chini ya thuluthi moja ya kimo chake, na hapo shanga ya kawaida inabaki kuwa nukta. Kwa mazungumzo ya watu wawili njia hiyo inavumilika, ila kwa kazi ya mikono haifai. Ule ukomo wa sekunde 60 nao ni wa zamani: tangu tarehe 15 Oktoba 2024 YouTube inakubali Shorts za hadi dakika 3, mradi picha iwe ya wima au ya mraba.

Sasa nirudi kwako, Nekesa. Ukikata fremu ya 1920 kwa 1080 ili iwe ya wima, unabaki na upana wa pikseli 608 hivi, yaani umetupa zaidi ya thuluthi mbili za ulichopiga. Kisha hizo 608 zinavutwa hadi 1080, na ndiyo sababu picha inaonekana laini kana kwamba kamera haikulenga vizuri. Kama ungekuwa na rekodi ya 4K ungekata bila hasara hiyo ya ukali, lakini hata hivyo ungelazimika kuchagua kati ya uso na mikono.

Kwa kuwa kwako mambo yako pande mbili, usichague. Gawanya fremu katikati, chukua nusu ya kushoto na nusu ya kulia, halafu zipange moja juu ya nyingine. Kila nusu ina upana wa 960, nawe unaikuza kidogo tu kufikia 1080, kwa hiyo ukali unabaki. Unachopoteza ni takriban sehemu moja ya tano ya kimo, ambayo kwa kawaida ni dari juu na sakafu chini. Mikono iweke juu na uso chini. Watu wengi hufanya kinyume kwa kuwa wamezoea kuona kichwa juu, lakini sehemu ya chini ya skrini ndiyo inayofunikwa na jina la akaunti na maelezo, na ukingo wa kulia una vitufe vya kupenda na kushiriki. Ukiweka mikono chini, tundu analotoboa dada litakuwa nyuma ya maandishi.

Nusu hizo zinapokutana, katikati ya skrini, ndipo pa kuweka maneno. Mstari mmoja, mara chache miwili, wenye kivuli au kisanduku cheusi nyuma yake. Hapo, yakiwa mbali na ukingo wa kulia, hayafunikwi na kitu katika programu yoyote kati ya hizo tatu, na jicho linayasoma bila kuacha kutazama mikono.

Kwenye simu utafanya hivi kwa kuingiza video mara mbili katika tabaka mbili na kunyamazisha sauti ya moja. Ukiwa na kompyuta yenye ffmpeg, programu ya kuhariri video kwa kuandika amri, amri hii inatosha:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -filter_complex "[0:v]split[a][b];[a]crop=960:852:960:114,scale=1080:960,setsar=1[mikono];[b]crop=960:852:0:114,scale=1080:960,setsar=1[uso];[mikono][uso]vstack[v]" -map "[v]" -map 0:a -c:a copy wima.mp4
```

Hiyo 114 ndiyo inayoamua ukate kiasi gani juu. Ikiwa paji la uso linakatika, ipunguze katika kipande cha uso peke yake. Ikiwa kitoboleo kinatoka chini ya fremu, iongeze katika kipande cha mikono.

Mwalimu Achieng:

Nashukuru kwa mada hii, kwa sababu nami nina tatizo kama hilo. Ninarekodi kwaya ya kanisa letu mtaani Kayole, watu karibu thelathini wakiwa wamesimama katika safu tatu. Ninachofanya ni kuwasha kile kitufe cha Instagram kinachotuma video Facebook papo hapo, kisha ninaipeleka kwenye kundi la WhatsApp. Nekesa, je, umejaribu kitufe hicho? Kitakuokolea muda wa kuipakia mara mbili.

Nekesa_Ngozi:

Asante, Mwalimu. Kitufe hicho nakifahamu, na kwangu kutuma si tatizo. Tatizo ni kwamba picha hiyo hiyo haikai sawa kila inapokwenda.

Mhariri wa Ngara:

Mwalimu Achieng, kwaya yako usiigawanye. Safu ya watu thelathini ni picha ya mlalo kwa asili yake. Ikate ubeti mmoja tu kwa ajili ya wima, ukimlenga mwongozaji au sauti moja, na wimbo mzima uuache YouTube. Kwa kundi la WhatsApp, ukitaka isififie, itume kama faili kupitia sehemu ya nyaraka badala ya kuituma kama video ya kawaida, kwa sababu video ya kawaida hubanwa kabla ya kutumwa. Ila itakula bando zaidi kwako na kwa wanaoipokea.

Zuhura_Manukuu:

Nakubaliana na Mhariri kuhusu kugawanya fremu, lakini kuhusu maneno nina la kuongeza. Kazi yangu ni kuandika manukuu, na ningependa tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa hapa: maneno anayoyasema dada, na maelezo yanayoandikwa chini ya chapisho.

Maneno anayoyasema, kwa ile video ndefu ya YouTube, yasichomwe ndani ya picha, yaani yasiwe sehemu ya picha yenyewe. Yaandike katika faili ya SRT uipakie kando, ili mtazamaji aweze kuyakuza, kuyazima au kuyasoma katika lugha nyingine. Muundo wake ni mwepesi:

```
1
00:00:02,400 --> 00:00:05,100
Tundu la kwanza liwe mbali na ukingo,

2
00:00:05,200 --> 00:00:08,000
la sivyo ngozi itachanika ukikaza uzi.
```

Kwa video za wima, yachome ndani ya picha kama alivyosema Mhariri, maana wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa ndani ya matatu au ofisini. Lakini ukumbuke kwamba asiyeona vizuri hawezi kuyakuza maneno yaliyochomwa. Ukiongeza na yale ya programu yenyewe, seti mbili zinagongana kwenye skrini, na hilo sijaona mtu aliyelitatua kwa namna inayomridhisha kila mtazamaji. Usiache programu ikuandikie kisha uchapishe bila kusoma. Mtu wa Kariokor anachanganya Kiswahili, Kiingereza na majina ya vifaa, na sentensi moja ya kitaalamu ikiandikwa vibaya, anayejifunza ataharibu ngozi yake.

Maelezo ya chapisho nayo yaandike upya kwa kila mahali. YouTube, kwa video ndefu, viungo vinabonyezeka, kwa hiyo eleza kwa kirefu. Viungo katika maelezo ya Shorts havibonyezeki tangu tarehe 31 Agosti 2023, na vya Instagram pia havibonyezeki, hivyo kubandika kiungo hapo ni kupoteza mstari. Badala yake, ndani ya YouTube Studio tumia sehemu ya `Related video` kuunganisha Short na ile video ya dakika 6. Instagram na TikTok huonyesha maneno ya mwanzo tu kabla ya mtu kufungua zaidi. Bei, au neno Kariokor, liwe katika maneno hayo. Isitoshe, bei iliyo katika maelezo ya YouTube na Instagram unaweza kuibadilisha ngozi ikipanda, ilhali iliyochomwa ndani ya video haibadiliki.

Baba Tindi:

Nimejifunza kuhusu dakika 3, asanteni. Basi ashauriwe akate dakika 3 kamili na kuzipeleka kote, kwani Reels nazo zinakubali dakika 3 tangu Januari 2025, na TikTok inakubali zaidi ya hapo.

Mhariri wa Ngara:

Kukubaliwa ni jambo moja, na mtu kutazama hadi mwisho ni jambo jingine. Mimi ningetoa kipande cha sekunde 40 hadi 50 kinachoanza mkanda ukiwa tayari umewekwa mezani na kitoboleo kikigusa ngozi, bila salamu, na kuishia uzi unapokazwa. Salamu zibaki katika video ndefu.

Angalia pia muziki. Tengeneza faili moja safi isiyo na muziki wala nembo ya programu yoyote, kisha uipakie hiyo kila mahali. Usiipakue kutoka TikTok na kuipeleka Instagram, kwa sababu Instagram ilitangaza Februari 2021 kwamba haitapendekeza Reels zenye nembo ya programu nyingine. Wimbo ulioruhusiwa ndani ya programu moja hauna ruhusa katika nyingine, na Short inayozidi dakika moja ikidaiwa hakimiliki kupitia Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi za wengine, huzuiwa isitazamwe kokote. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokimbilia dakika 3.

Zuhura_Manukuu:

Hapo kwenye urefu sikubaliani nawe kikamilifu, Mhariri. Kwa mtu anayetaka kununua, sekunde 45 zinatosha. Kwa anayetaka kujifunza kushona, zile sentensi mbili za tundu na ukingo wa ngozi zinahitaji muda wa kuonyeshwa, na ukizikata anabaki na picha nzuri bila ujuzi. Nekesa aamue kwanza anazungumza na nani.

Nekesa_Ngozi:

Nimegawanya fremu kama mlivyonielekeza, mikono juu, na maneno katikati. Shanga zinaonekana hata kwenye simu ndogo ya mama. Uso ulikatika kidogo juu, nikapunguza ile 114 hadi 40 upande wa uso, ukakaa sawa. Nimetoa faili mbili bila muziki: moja ya sekunde 48 kwa ajili ya wanunuzi, na nyingine ya dakika 2 na sekunde 10 yenye somo la tundu lote.

Nina swali moja lililobaki. Kuna sehemu dada anageuka na kushika kiatu kwa mikono yote miwili katikati kabisa ya fremu, na hapo mgawanyo unakikata kiatu vipande viwili. Inadumu kama sekunde 6.

Mhariri wa Ngara:

Kwa sekunde hizo 6 acha mgawanyo, ukate wima ya kawaida ya 608 ukilenga kiatu, kisha urudi kwenye mgawanyo. Ulaini utaonekana kidogo, lakini kiatu kitajaza skrini. Fanya badiliko wakati mkono wake unapoanza kusogea, si baada ya kutulia. Na maneno ya sekunde hizo yapandishe juu ya kiatu, maana pale katikati yatakifunika.