Acheni kumtwika padri kila kuni: nani hasa alichoma wachawi Ulaya?

Mkereketwa_wa_Historia: Nimechoka! Kila wiki mtu anabandika hapa kwamba Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa Katoliki ya kuwasaka wazushi, ilichoma wachawi milioni 9. Makadirio ya watafiti leo ni watu 40,000 hadi 60,000 Ulaya nzima, na wengi walihukumiwa na mahakama za dola, siyo za Kanisa. Chukueni Wabaski peke yao, watu wa mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Mwaka 1609, upande wa Ufaransa, mfalme alimtuma jaji wa Bordeaux, Pierre de Lancre. Huyo alikuwa mtu wa serikali, na alichoma watu kwa miezi michache tu. Hata papa hakuhusika!

Kaka Mnyoofu: Umesema nusu, mkuu. Vuka mpaka uingie Hispania. Novemba 1610 pale Logroño ni Inkwizisheni yenyewe iliyohukumu. Watu 6 walichomwa wakiwa hai, na wengine 5 waliokuwa wamekufa gerezani wakachomewa sanamu zao.

Mkereketwa_wa_Historia: Aliyewasha moto ni dola! Kanisa liliwakabidhi tu.

Kaka Mnyoofu: Eti "liliwakabidhi tu". Walijua fika wanakopelekwa.

Mama Zawadi: Samahani, kijijini kwetu bibi mmoja anaitwa mchawi. Baraza la kata lina uwezo wa kusikiliza?

Mkereketwa_wa_Historia: Dada, huu uzi ni wa Ulaya ya miaka 400 iliyopita. Huyo bibi akitishiwa, kimbilieni polisi.

Bi. Nyaraka: Mnagombania kanzu na joho, mkasahau ushahidi. Logroño walikuwa wainkwizita watatu, yaani majaji wa Inkwizisheni, na mmoja, Alonso de Salazar, alipinga hukumu. Mwaka 1611 alitumwa vijijini akiwa na tangazo la msamaha. Akasikiliza watu 1,802, na 1,384 kati yao walikuwa watoto. Waliodai kwenda kwenye karamu za usiku za wachawi akawahoji mmoja mmoja: mlikutana wapi, mlitokaje nyumbani, mlikula nini? Majibu yakapishana. Vyungu 22 vya "dawa ya kurukia" vikapimwa, wanyama wakalishwa, hakuna aliyedhurika. Wengine walikiri kwamba walizitengeneza wenyewe kwa kubanwa na majirani.

Mwaka 1614 baraza kuu la Inkwizisheni huko Madrid likatoa maagizo: mtu akikiri kuua mtoto au kuharibu mazao, chunguzeni kwanza kama mtoto alikufa kweli na kama haikuwa mvua ya mawe. Baada ya hapo Inkwizisheni ya Hispania karibu iliacha kabisa kuchoma wachawi, huku mahakama za kienyeji zikiendelea, kwa sababu hazikuwa na mtu wa juu wa kuzikagua.

Mkereketwa_wa_Historia: Si ndiyo nilichosema!

Kaka Mnyoofu: Hapana. Bamberg na Würzburg, Ujerumani, miaka ya 1620, mtawala alikuwa askofu na mahakama ilikuwa ya dola lake. Hao unawaweka kapu gani?

Bi. Nyaraka: Hapo hata wataalamu wanavutana.