Eti "milioni 9 iko benki gani?" Wakuu, huyu mtu ataniua na hii kodi iliyoahirishwa

Leja Nyekundu (mleta uzi)

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni na mikono inatetemeka. Simtaji mtu. Mnamjua. Ni yule yule wa sakata la posho za madereva, anayesoma mizania kuanzia chini kwenda juu kwa sababu "ukweli huwa wanauficha chini". Leo kaniuliza mbele ya kikao kizima, mbele ya mwenye mali, mbele ya dada wa chai: "Hii milioni 9 ya kodi iliyoahirishwa iko benki gani?"

IKO BENKI GANI!

Nikamwambia mzee, haiko benki yoyote, hili ni deni. Deni la nani? La kodi. Hapo akachomoa simu, akampigia rafiki yake wa mambo ya kodi, akaweka spika. "Hebu niambie, sisi mnatudai milioni 9?" Jamaa akajibu bila hata kufikiri, "Hapana kiongozi, nyie mko vizuri." Watu wakacheka hadi feni ikasimama. Akanigeukia: "Deni lisilo na mdai, huyo mdai anakaa mfukoni kwa mtu."

Mfukoni kwa mtu, wakuu. Mimi na viatu hivi vya soli mbili.

Ngoja niwape hesabu mniambie kama nimeiba. Lori moja zito, limenunuliwa Januari mwaka juzi kwa milioni 160. Vitabuni tunalichakaza kwa miaka 8, milioni 20 kila mwaka. Sheria ya kodi haina habari na miaka yetu 8. Malori mazito yako daraja la pili, unapewa asilimia 25 ya salio lililobaki. Mwaka wa kwanza tukapewa 40, wa pili 30. Kwa hiyo vitabuni lori limebaki 120, kwenye hesabu ya kodi limebaki 90. Tofauti ni 30, asilimia 30 yake ndiyo hiyo 9. Mwaka wa kwanza ilikuwa 6, sasa imepanda kwa 3, na hiyo 3 ndiyo iliyomwasha: "Kila mwaka unaongeza! Unajenga wapi?"

Faida kabla ya kodi ilikuwa milioni 100. Kodi ya kulipa imetoka 27, siyo 30, kwa sababu tumeruhusiwa uchakavu wa milioni 10 zaidi ya ule wa vitabuni. Hiyo 3 tuliyobaki nayo tumeweka dizeli. Iko barabarani inaelekea Tunduma. Nikamjibu hivyo hivyo. Akasema, "Kwa hiyo umekiri imetumika."

Nisaidieni matusi ya kistaarabu, kesho kikao kinaendelea.

Debe Tupu

Mkuu rudisha hela za watu.

Kapteni wa Chalinze

Nimecheka peke yangu ndani ya daladala, watu wanahama siti. "Huyo mdai anakaa mfukoni kwa mtu." Huyo mzee apewe kipindi redioni.

Mwana wa Hesabu

Mleta uzi tatizo ni lako, umeelezea vibaya. Kodi iliyoahirishwa ni rahisi sana: chukua uchakavu wa kodi wa mwaka huo, toa uchakavu wa vitabuni, zidisha kwa asilimia 30. Mwaka wa pili ni 30 toa 20, yaani 10, kwa hiyo deni ni milioni 3. Hiyo 9 umeitoa wapi? Hata mimi ningekuuliza. Halafu mwisho wa siku yote yanajifuta yanakuwa sifuri, hakuna haja ya kutishana nayo.

Leja Nyekundu

Huyu naye katumwa. Mods angalieni huyu katumwa.

Mama Mizania

Mwana wa Hesabu, nusu umepatia. Hiyo 3 ni ya kwenye taarifa ya mapato, mabadiliko ya mwaka mmoja. Kwenye mizania linakaa limbikizo, 6 ya mwaka wa kwanza na 3 ya mwaka wa pili. Na usilikokotoe kwa kujumlisha uchakavu mwaka hadi mwaka, maana siku ukikosea mwaka mmoja kosa linakufuata milele. Linganisha thamani ya vitabuni na ile ya kodi siku ya kufunga hesabu: 120 kwa 90. Kisha ulete ya mwaka jana, tofauti yake ndiyo unayoiandika mwaka huu. Rejista ya mali ikigoma kukubaliana na jedwali la kodi utaliona hapo hapo, hasa kwa mali iliyouzwa ikasahaulika upande mmoja.

Na mzee wenu, pamoja na kejeli zake, kauliza swali ambalo wengi wanaliogopa: kwa nini liitwe deni wakati hakuna anayedai? Liangalie hilo lori. Vitabu vinasema litaturudishia angalau milioni 120 kwa kubeba mizigo. Mapato hayo yakija, kwenye kodi mmebakiwa na 90 tu ya kuyapunguza, kwa sababu mlishakula 70 mapema. Milioni 30 itatozwa kodi bila kinga ya uchakavu. Huyo wa kwenye spika kasema kweli, leo hadai. Ritani za miaka inayokuja ndizo zitadai, na hazitaandika kwamba ni kwa ajili ya lori hili.

Leja Nyekundu

Mama Mizania ungekuwepo kikaoni leo! Maana nilichojibu mimi ni "mzee ni kiwango cha kimataifa namba 12", akasema "namba 12 ni ya benchi".

Debe Tupu

Namba 12 ya benchi 😂😂😂 nimeacha kazi

Baraka Bila Mtaji

Poleni. Mimi ndiyo maana siipendi hii kodi iliyoahirishwa. Mwaka jana niliandika barua niahirishiwe, nikaomba nilipe kwa awamu nne, nikajibiwa mbili tu na riba juu. Sasa nyie wenzangu mmeahirishiwa milioni 9 nzima kwa njia gani? Mnijuze PM.

Kapteni wa Chalinze

Baraka kaa na sisi hapa mbele usikilize vizuri.

Mama Mizania

Baraka hiyo yako ni kodi uliyokwisha kukadiriwa, ukaomba muda wa kulipa. Ya huku hakuna aliyeomba wala aliyekubaliwa, ni mahesabu ya kampuni yenyewe.

Baraka Bila Mtaji

Sawa lakini awamu mbili ni uonevu.

Nairobi Hapo Kale

Nyinyi mnalia na lori moja? Sisi huku Kenya mwaka wa 2020 kiwango cha kodi ya kampuni kilishushwa kutoka 30 hadi 25 kwa sababu ya korona. Wenye kufunga hesabu Juni tukashusha deni lote la kodi iliyoahirishwa, faida ikapanda bila mtu kuuza hata kiberiti, wakubwa wakapongezana. Desemba sheria ikabadilishwa tena, Januari 2021 tukarudi 30. Deni likapanda, faida ikashuka, na nikaitwa mimi. "Mwaka jana ulitupatia, mbona mwaka huu unatunyang'anya?" Malori yalikuwa yale yale, hayakusonga hata nati.

Leja Nyekundu

Pole ndugu yangu wa huko, ila wewe hukupigiwa simu ya spika. MIMI NIMEPIGIWA SIMU YA SPIKA.

Turnboi Mstaafu

Mimi si mhasibu, nimekaa kwenye malori maisha yangu yote. Swali moja: miaka 8 halafu lori lina thamani sifuri? Niuzie mimi kwa hiyo sifuri. Lori la miaka 8 likitunzwa halikosi milioni 40, hata likiwa halina taa.

Mwana wa Hesabu

Hapo sasa! Thamani ya masalio hamkuweka. Mkiweka, tofauti inapungua na mzee anatulia.

Mama Mizania

Inaongezeka, Mwana wa Hesabu. Weka masalio ya 40, uchakavu wa vitabuni unashuka kutoka 20 hadi 15 kwa mwaka. Mwisho wa mwaka wa pili vitabu vinasema 130, kodi bado inasema 90 kwa sababu asilimia 25 haiulizi lori mtaliuza bei gani. Tofauti 40, deni milioni 12.

Na lile la kujifuta hadi sifuri pia lina walakini. Nimelisogeza lori la mleta uzi mbele kwenye ekseli. Deni linapanda hadi mwaka wa tatu, linafika kama milioni 9.75, kisha linaanza kushuka. Mwaka wa saba linavuka upande wa pili: vitabuni limebaki 20, kwenye kodi 21 na ushee. Mwaka wa nane vitabuni sifuri, kwenye kodi bado kuna milioni 16, maana ukikata robo ya salio kila mwaka salio haliishi. Hapo siyo deni tena, ni mali, na mkaguzi atataka kuona kama kweli mtapata faida ya kuitumia.

Leja Nyekundu

Yaani kumbe angeniuliza milioni 12 iko benki gani. Na mwaka wa saba ataniuliza deni limeenda wapi. Mungu wangu.

Mwana wa Hesabu

Mimi bado nasema kampuni ya saizi yenu haihitaji haya yote. Tumieni viwango vya kampuni ndogo na za kati.

Mama Mizania

Humo nako imo, sehemu ya 29.

Mwana wa Hesabu

Basi tumieni uchakavu wa kodi vitabuni, mambo yaishe. Wengi wanafanya hivyo.

Mama Mizania

Wanafanya. Halafu vitabu vinasema lori jipya limepoteza milioni 40 mwaka wa kwanza, benki wanaona dhamana imenywea, mkopo unakwama. Mkaguzi mwingine atakupitisha kama tofauti ni ndogo, mwingine hatakupitisha. Hilo sitabishana nalo hapa.

Turnboi Mstaafu

Mimi nimeuliza tu kama mnauza lori.

Kapteni wa Chalinze

Swali la msingi hakuna aliyeuliza. Dada wa chai alicheka au hakucheka?

Leja Nyekundu

Alicheka. Wa kwanza. Akamwongezea yule mzee na kitumbua.

Debe Tupu

Kwani kwenu kikaoni mnapewa vitumbua? Sisi tunapewa karanga za kugawana na maji ya moto. Na posho ya kikao imefutwa tangu aje meneja mpya.

Baraka Bila Mtaji

Afadhali karanga. Sisi tunachangishwa.

Nairobi Hapo Kale

Mnachangishwa chai ya ofisi? Hiyo hata huku haijafika.

Baraka Bila Mtaji

Elfu mbili kila wiki, na usipochanga jina linabandikwa karibu na swichi ya taa. Naanzisha uzi wake sasa hivi, njooni wote.

Turnboi Mstaafu

Nakuja. Ila mleta uzi lori bado nalitaka.