Mwenye lisansi na TOMPRO, au mwenye gradua na Sage? Wahasibu wawili, nafasi moja

Bi_Kamalondo:
Jambo wote. Kampuni yetu hapa Lubumbashi inauza vipuri vya pampu kwa wakandarasi wa migodi wa Likasi na Kolwezi. Tunatafuta mhasibu. Tangazo lilitaka gradua au lisansi ya uhasibu, miaka 3 ya kazi, Sage 100, kushika leja ya wasambazaji na ya stoko kwa dola na faranga, na kutayarisha tamko la TVA la kila mwezi kabla ya tarehe 15. Waliomba watu 19, wamebaki 2.

Wa kwanza ana lisansi na miaka 5 kwenye miradi ya wafadhili. Anajua TOMPRO, programu ya hesabu za miradi, na Excel, na ameandika kwamba alishika "leja kuu na ripoti za mfadhili". Chini ya jina lake amejiita eksperi-kontabule. Wa pili ana gradua, miaka 6 kwenye depo ya vyakula, Sage, "leja ya wasambazaji, kasha, kupatanisha hesabu za banki". Mkubwa wetu anapenda lisansi. Mimi nasita. Mungewapima vipi?

Kampemba_Info:
Dada, usijisumbue. Tangazo limesema Sage, wa pili ana Sage, basi. Mimi nafundisha watu programu hizi. Anayetoka TOMPRO anahangaika wiki nyingi kabla ya kuzoea majarida ya Sage.

Mzee_wa_Leja:
Mwanangu Kampemba, programu ni ya kuangalia, lakini iweke ya mwisho. Mwenye kujua leja ya wasambazaji atafundishwa vitufe vya Sage kwa wiki chache. Mwenye vitufe bila leja atakuharibia mwaka mzima, na utajua tu siku msambazaji anapokuja kudai pesa ambayo vitabu vyako havina.

Bi Kamalondo, anza na jina la eksperi-kontabule. Tangu sheria ya 2015 iliyounda ONEC, chama cha taifa cha maeksperi-kontabule, jina hilo ni la walioandikishwa kwenye orodha yake. Lisansi peke yake haimpi mtu. Muulize namba yake ya uandikishaji. Kama hana, labda ni mazoea tu ya kujipamba, lakini usimhesabie kama sifa.

Halafu soma kila kazi aliyofanya ukitafuta kitenzi. "Nilishiriki kwenye leja" si sawa na "nilifunga leja kila mwezi". Kwenye leja ya wasambazaji nataka kujua walikuwa wangapi, faktura zilikuwa za pesa gani, na nani alikuwa anahakikisha kwamba jumla ya wasambazaji wote inalingana na akaunti 401 ya leja kuu. Asiyetaja jambo hilo la mwisho, mara nyingi alikuwa anaingiza faktura tu, na mwingine ndiye aliyefunga.

Kuna alama nyingine inayonisaidia sana. Mtu akiandika kwamba mwaka 2021 alitayarisha jedwali la TAFIRE, simama hapo. SYSCOHADA mpya, mfumo wa uhasibu wa OHADA kwa makampuni, iliyoanza 1 Januari 2018, iliondoa TAFIRE na kuweka jedwali la mtiririko wa fedha. Huyo amenakili wasifu wa zamani, au hajaona taarifa za mwaka zikifungwa tangu wakati ule.

G3_Ruashi:
Mimi pia nina gradua, miaka 4 kwenye kasha ya duka la vifaa vya ujenzi. Kila tangazo ninaloona linataka lisansi. Hiyo nafasi bado iko wazi? Nitume wapi wasifu wangu?

Bi_Kamalondo:
Ndugu yangu, muda wa kuomba umeisha, samahani. Lakini kwenye wasifu wako usiandike "kasha" peke yake. Andika kama ulikuwa unahesabu pesa mkononi na kuilinganisha na kitabu kila jioni, na kama ilikuwa ya dola na faranga. Tulikuwa na watu watatu walioandika "kasha" tu, hatukuweza kujua walifanya nini.

Mwana_Bukavu:
Mzee, nakuheshimu, ila naona tunamsukuma wa kwanza pembeni haraka. Mimi niko kwenye shirika hapa Bukavu. Leja ya mradi si nyepesi. Kila matumizi yanapewa akaunti, mstari wa bajeti na mfadhili, na mkaguzi wa nje anafuata karatasi moja moja. Tena tangu 1 Januari 2024 mashirika yasiyo ya faida yana mfumo wake wa OHADA, SYCEBNL. Mtu aliyevuka mabadiliko yale bila vitabu kuharibika anajua kazi.

Mzee_wa_Leja:
Kweli, Mwana Bukavu, wala sisemi hajui. Nasema tangazo hili linaomba leja nyingine. Mradi mara nyingi hauuzi kitu, kwa hiyo hakukusanya TVA ya wateja wala kukata ile aliyolipa kwa wasambazaji. Stoko ya kuuza pia hakuwa nayo. Ingekuwa nafasi ya mradi, ningegeuza hukumu yangu.

Bi Kamalondo, wape wote karatasi moja. Akaunti 401 inaonyesha deni la dola 48 600. Orodha ya wasambazaji inaonyesha 45 200. Waulize 3 400 imekwenda wapi, kisha nyamaza.

Kampemba_Info:
Hiyo rahisi. Kuna faktura ya 3 400 imeandikwa moja kwa moja kwenye 401 bila kutaja msambazaji. Leja kuu imeipata, orodha haijaipata.

Mzee_wa_Leja:
Inawezekana, na hutokea sana. Lakini kuna jibu lingine linalotoa tofauti ileile. Kama kampuni ililipa avansi ya 3 400 kwa msambazaji, pesa iko akaunti 409. Orodha ikijumlisha akaunti zote za msambazaji, inapunguza avansi hiyo kutoka kwenye deni. Hapo hakuna kosa, na ukisahihisha ndipo utaleta kosa. Kwa hiyo sipimi jibu. Napima kama mtu anauliza 409 ina kiasi gani kabla ya kugusa kitu.

Bi_Kamalondo:
Asanti, Mzee. Wamekuja jana. Wa kwanza alijibu kama Kampemba, akataka kuandika sahihisho palepale. Kuhusu ONEC alikubali hana namba, akasema ataondoa jina. Alisema kwa heshima, nilipenda hilo. Wa pili alikaa kimya kidogo, akauliza: "Avansi munazitia wapi?" Nikamwonyesha 409 yenye 3 400, akarudisha karatasi, akasema hapa sina cha kusahihisha.

Kwenye stoko ndipo alinitia wasiwasi. Kule depo, mtunza stoko alikuwa na fishi zake, na yeye aliandika badiliko la stoko mara moja tu, mwisho wa mwaka. Sisi tunahitaji kila kipuri kinachotoka kionekane siku hiyohiyo, kwa sababu vingine vinauzwa dola elfu kwa kila kimoja.

Mwana_Bukavu:
Basi wa pili naye hana leja mbili zote mulizoomba. Ana moja na nusu.

Mzee_wa_Leja:
Ndiyo, na nusu hiyo si ndogo. Kutoka kuhesabu mara moja kwa mwaka hadi kufuata kila siku, anabadili njia nzima ya kuandika manunuzi na gharama ya kilichouzwa. Ningemchukua kwa miezi ya majaribio, ila hesabuni stoko yote pamoja naye siku ya kwanza, mutie sahihi wote wawili. Asipoanza na namba aliyoihesabu mwenyewe, baada ya miezi mitatu hamtajua upungufu ni wake au wa aliyemtangulia.

Bi_Kamalondo:
Nitamwambia mkubwa hivyo. Bado anasema lisansi.